Linki ya Google Drive: hatua za kuhakikisha faili linafunguliwa na uliowakusudia tu

Maswali yanayoletwa na waweka hazina na makatibu wa vikundi kuhusu mafaili ya pamoja ni yale yale. Nimetuma linki kwenye kundi la WhatsApp, mbona mtu asiye mwanachama ameifungua? Mbona tarakimu zimebadilika na hakuna anayekiri kuzigusa? Nimemtoa mtu kwenye faili, mbona bado analiona? Yote matatu yana mzizi mmoja, na dawa yake haizidi nusu saa.

Mwongozo huu unatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 28, ambacho kumbukumbu zake ziko kwenye Google Sheets. Mweka hazina ndiye anayeandika. Katibu humsaidia. Mwenyekiti anahitaji kuona kila kitu. Mkaguzi, ambaye si mwanachama, anahitaji kuona na kuacha maoni hadi ukaguzi uishe. Wanachama waliobaki wanataka kuona hisa na mikopo, lakini hawapaswi kuona namba za simu wala namba za NIDA za wenzao. Kama lako ni faili la kamati ya harusi, la darasa au la ofisi, badilisha majina tu. Vitufe ni vile vile.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kugusa chochote: linki ni anwani ya nyumba, si ufunguo. Anayeamua nani aingie ni orodha ya watu iliyo ndani ya faili. Lakini ukichagua `Anyone with the link`, umeiambia Google kwamba kila ajuaye anwani apite bila kuulizwa jina. Hapo linki inageuka ufunguo, na ufunguo huo mtu yeyote anaweza kuusambaza WhatsApp kwa kugusa mara mbili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na kompyuta kama unaweza kuipata. Simu inatosha kuongeza na kuondoa watu, lakini baadhi ya mipangilio tutakayoigusa huonekana vizuri kwenye kompyuta tu. Majina ya vitufe humu yameandikwa kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza. Kama akaunti yako iko kwa Kiswahili, utayakuta yametafsiriwa, ila mpangilio ni huo huo.

Pili, uwe na orodha ya barua pepe za watu wako, na hapa ndipo kazi nyingi inapoharibika kabla haijaanza. Usimuulize mtu "barua pepe yako ni ipi?" Wengi watakupa ile waliyoandika kwenye fomu fulani miaka mitano iliyopita, ilhali simu yao inatumia nyingine waliyofunguliwa na fundi siku ya kuinunua. Mwambie afungue Play Store, aguse picha ya duara iliyo juu kulia, kisha akutumie picha ya skrini ya anwani inayoonekana pale. Hiyo ndiyo akaunti ambayo simu yake itaitumia kufungua faili. Nukta katikati ya anwani ya gmail.com hazina athari: `jina.lake` na `jinalake` ni sanduku moja. Herufi moja iliyokosewa, kinyume chake, hupeleka faili kwa mtu mwingine kabisa, na Google haitakuonya.

Tatu, andika kwenye karatasi nani anapata nini. Ngazi ziko tatu. `Viewer` anaona tu. `Commenter` anaona na kuacha maoni pembeni bila kubadili neno. `Editor` anaandika, anafuta, na usipomzuia anaweza hata kuwakaribisha watu wengine. Juu yao wote yuko `Owner`, mwenye faili, naye ni mmoja tu. Kwa kikundi chetu karatasi itasomeka hivi: mweka hazina ni Owner, katibu ni Editor, mwenyekiti ni Viewer, mkaguzi ni Commenter, na wanachama ni Viewer, lakini kwenye faili lao peke yao.

Kwa nini faili lao peke yao? Kwa sababu ruhusa za Drive hushika faili zima. Hakuna namna ya kumwonyesha mtu shiti ya kwanza na kumnyima ya pili ndani ya faili hilo hilo. Kuficha shiti au kolamu hakulindi kitu: mwenye ruhusa ya kutengeneza nakala anaweza kuifichua kwenye nakala yake, nyumbani kwake, bila wewe kujua. Kama kuna taarifa ambazo baadhi ya watu hawapaswi kuziona, ziwe kwenye faili lingine. Kwa hiyo tutakuwa na mafaili mawili: Daftari Kuu lenye kila kitu, na Taarifa ya Wanachama.

Hatua

1. Toa Daftari Kuu kwenye folda ya pamoja.

Faili hurithi ruhusa za folda linalokaa ndani yake. Kama kikundi kina folda ambayo wote 28 wanaifungua kwa ajili ya picha na mihtasari ya vikao, na Daftari Kuu limo humo, basi wote 28 wanalo tayari hata kama hukuwahi kuwaongeza kwenye faili lenyewe. Fungua Drive, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua `Organize`, kisha `Move`, ulipeleke `My Drive` au kwenye folda ambayo hujaishirikisha na mtu yeyote. Utakapofungua dirisha la kushirikisha na kukuta majina usiyokumbuka kuyaweka, sababu ya kwanza kuichunguza ni folda.

2. Funga mlango wa jumla kwanza.

Fungua Daftari Kuu, bofya kitufe cha `Share` kilicho juu kulia. Dirisha lina sehemu mbili. Juu ni `People with access`, yaani watu waliotajwa kwa anwani. Chini ni `General access`, yaani mlango wa kila mtu. Sehemu ya chini ikisomeka `Anyone with the link`, bofya mshale wa pembeni yake uchague `Restricted`. Kwenye simu, ndani ya app ya Drive, gusa vidoti vitatu vya faili, kisha `Manage access`. Mlango wa jumla uko humo humo.

Fanya hivi kabla ya kuongeza watu. Wengi huanza kwa kuongeza majina manne kwa uangalifu mkubwa, wakasahau kwamba chini ya majina hayo pameandikwa `Anyone with the link – Editor`. Orodha yao inakuwa pambo tu, maana dunia nzima iko ndani na inaandika.

Linki haibadiliki ukifanya hivi. Ile uliyotuma mwezi uliopita itabaki na herufi zile zile, lakini asiyetajwa kwenye orodha akiibofya atakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa. Huna haja ya kuifuta kwenye kundi la WhatsApp.

3. Ongeza watu kwa majina.

Kwenye kisanduku cha juu andika anwani ya katibu. Kabla ya kubofya `Send`, angalia neno lililo kulia kwake: mara nyingi Google hukuwekea `Editor` bila kuulizwa. Kwa katibu ni sawa, liache. Kisha rudia kwa mwenyekiti ukichagua `Viewer`, na kwa mkaguzi ukichagua `Commenter`. Usiwaongeze watatu kwa pamoja, kwa sababu mkupuo mmoja hupewa ngazi moja.

Acha tiki ya `Notify people` ilivyo. Barua pepe atakayopokea mtu ndiyo njia rahisi kwake ya kuingia kwa akaunti sahihi.

4. Wazuie wahariri kufungua mlango nyuma yako.

Ndani ya dirisha hilo hilo kuna alama ya gurudumu la meno juu kulia. Ibofye. Utaona `Editors can change permissions and share`, nayo huja ikiwa na tiki. Maana yake katibu anaweza kumwongeza shemeji yake, au kurudisha `Anyone with the link` kwa nia njema kabisa, kwa sababu mwanachama mmoja amemlalamikia kwamba faili halifunguki. Ondoa tiki hiyo. Kuanzia hapo ni mwenye faili peke yake anayeongeza na kuondoa watu.

Hapo hapo kuna mpangilio unaohusu kupakua, kuchapisha na kunakili kwa wanaotazama na wanaotoa maoni. Kwa Daftari Kuu uzime. Ujue tu mipaka yake: unaondoa vitufe, hauzuii mtu kupiga picha ya skrini. Anayeruhusiwa kuona ameruhusiwa kuchukua. Kama humwamini na taarifa, usimpe hata Viewer.

5. Linda kolamu zisizopaswa kuguswa hata na mhariri.

Katibu anaandika marejesho ya kila wiki, lakini hana sababu ya kugusa kolamu ya hisa zilizokwisha kuthibitishwa. Kwenye menyu bofya `Data`, kisha `Protect sheets and ranges`, kisha `Add a sheet or range`. Chagua eneo, kwa mfano `C2:C29`, bofya `Set permissions`, weka `Restrict who can edit this range`, uchague `Only you`. Katibu akijaribu kuandika humo atapewa onyo na tarakimu haitabadilika.

Kinga hii ni ya kuzuia makosa ya mkono. Haimfichi mtu kitu: anayefungua faili bado anaiona kolamu hiyo, na akiweza kutengeneza nakala ataibadilisha atakavyo kwenye nakala hiyo. Kwa hiyo isikushawishi kuweka namba za NIDA mbele ya watu ukidhani "nimezilinda".

6. Tengeneza faili la wanachama.

Usinakili Daftari Kuu kisha ukafuta kolamu za siri. Ukifanya hivyo, kilichofutwa hubaki kwenye historia ya faili jipya, na siku utakapompa mtu ngazi ya Editor ataweza kurudi nyuma akakisoma. Anza na faili tupu.

Panga Daftari Kuu ili taarifa za siri ziwe mwisho. Tuseme shiti inaitwa `Hisa`, na kolamu zake ni: A namba, B jina, C hisa, D mkopo, E marejesho, F simu, G namba ya NIDA. Mstari wa kwanza ni vichwa, wanachama 28 wako mstari wa 2 hadi wa 29. Kwenye seli A1 ya faili jipya andika:

```
=IMPORTRANGE("https://docs.google.com/spreadsheets/d/KITAMBULISHO", "Hisa!A1:E29")
```

Mahali pa `KITAMBULISHO` weka ule mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu ulio kwenye anwani ya Daftari Kuu, kati ya `/d/` na `/edit`. Seli itaonyesha `#REF!` kwanza. Weka kipanya juu yake, bofya `Allow access`, na baada ya muda mfupi kolamu tano zitajaa. Kuanzia hapo mkopo ukiandikwa kwenye Daftari Kuu unaonekana kwa wanachama bila kunakili kitu. Kama Sheets inakataa koma katikati ya fomula, faili lako limewekwa kwenye mpangilio wa nchi inayotumia nukta-mkato. Badilisha hiyo koma iliyo kati ya sehemu mbili, si nyingine.

Mambo matatu ya kuangalia hapa, na la kwanza ni zito kuliko mengine.

Maneno `Hisa!A1:E29` ni maandishi tu, hayafuati mabadiliko ya shiti. Siku mtu akifuta kolamu D kwenye Daftari Kuu kwa sababu imekuwa haina kazi, kila kilicho kulia kwake kitasogea kushoto, na kolamu ya simu itaingia nafasi ya E. Sekunde chache baadaye wanachama wote 27 wanasoma namba za simu. Njia salama ni kutofuta wala kuchomeka kolamu katikati ya A hadi E. Ukilazimika, futa kwanza ile fomula kwenye faili la wanachama, fanya mabadiliko, kisha irudishe ukiwa umeihakiki.

Jambo la pili: ukishabofya `Allow access`, kila mwenye ngazi ya Editor kwenye faili la wanachama anaweza kubadili fomula na kuvuta kolamu ya NIDA, hata kama hayumo kwenye Daftari Kuu. Kwa hiyo faili la wanachama halina Editor. Hata katibu humo ni Viewer. Wanaotazama wanaweza kuiona fomula na anwani iliyomo, lakini anwani hiyo haiwafikishi popote kwa kuwa Daftari Kuu ni `Restricted`.

La tatu ni dogo. Mwanachama wa 29 akijiunga ataandikwa mstari wa 30, naye hataonekana mpaka ubadilishe `E29` iwe `E30`.

7. Waongeze wanachama kwenye faili lao.

Rudia hatua ya 2 hadi ya 4 kwenye Taarifa ya Wanachama: `Restricted`, kisha majina, kisha gurudumu la meno. Huna haja ya kuandika anwani moja moja. Ziandike kwenye notipedi zikiwa zimetenganishwa na koma, zinakili zote, zibandike kwenye kisanduku cha `Share`, chagua `Viewer` mara moja kwa wote. Google Drive hukubali hadi anwani 600 kwa faili moja, hivyo kikundi cha kawaida hakifiki ukingoni.

Baada ya kutuma, fungua dirisha tena uhesabu. Wanachama ni 28, mweka hazina ndiye Owner, kwa hiyo wanaotazama wawe 27. Wakiwa 26 kuna anwani imeruka. Wakiwa 28 kuna mtu wa ziada, au mtu mmoja ameingizwa kwa anwani mbili. Kwenye Daftari Kuu wawe wanne jumla, hapana zaidi.

Wanachama wasio na simu janja watakuwepo, pengine wawili au watatu, nao uwapunguze kwenye hesabu hiyo ya 27 kama hawana anwani. Wachapishie ukurasa siku ya kikao, au umsomee kila mmoja mstari wake. Usiwafungulie watu wote duniani mlango kwa sababu ya watu wawili ambao, kwa vyovyote, hawatabofya linki.

8. Jaribu kama mgeni, kisha jaribu kama mwanachama.

Bofya `Copy link`. Kwenye Chrome ya kompyuta fungua dirisha la faragha kwa `Ctrl+Shift+N`, ubandike linki humo. Katika dirisha hilo hujaingia kwenye akaunti yoyote, kwa hiyo unaonekana kama mpita njia. Jibu sahihi ni ukurasa wa Google unaokutaka uingie kwenye akaunti. Ukiona tarakimu, hata za kusoma tu, rudi hatua ya 2. Fanya hivi kwa mafaili yote mawili.

Kisha mwombe mwanachama mmoja afungue linki kutoka simu yake mbele yako. Aione Taarifa ya Wanachama, ashindwe kuandika. Mpe na linki ya Daftari Kuu: akatazwe. Sasa unaweza kutuma linki ya wanachama kwenye kundi la WhatsApp bila wasiwasi, hata ikisambazwa.

Mwisho wa linki hiyo utaona maneno kama haya:

```
/edit?usp=sharing
```

Neno `edit` huwashtua watu wakidhani wametoa ruhusa ya kuhariri. Halina uhusiano na ruhusa. Linki ya Viewer na ya Editor zinafanana, na kilicho ndani ya faili ndicho kinachoamua.

Maombi ya ruhusa: pasipo na haraka

Baada ya kuweka `Restricted` utaanza kupokea barua pepe zenye kichwa cha kuomba ruhusa. Nyingi ni za wanachama walioingia kwa akaunti nyingine. Lakini tazama anwani, si jina. Jina linaloonekana huandikwa na mwenye akaunti mwenyewe, hivyo yeyote anaweza kujiita kwa jina la mwenyekiti wenu na kuweka picha yake. Kama anwani haimo kwenye orodha yako, mpigie mtu huyo simu kwa namba unayoijua, umuulize kama ni yeye. Akithibitisha, kagua ngazi unayompa kabla ya kukubali, na uondoe anwani yake ya zamani ili asibaki na milango miwili.

Kumwondoa mtu

Ukaguzi umeisha, mkaguzi atoke. Fungua `Share`, bofya neno `Commenter` lililo kando ya jina lake, chagua `Remove access`, kisha bofya `Save` kama kitufe hicho kitatokea. Akaunti za kazini na za shule nyingi zina chaguo la kuweka tarehe ya mwisho mapema, liitwalo `Add expiration`. Kwenye akaunti binafsi ya Gmail huenda usilione, basi weka kikumbusho kwenye kalenda siku ile ile unapompa ruhusa.

Kumwondoa mtu hakufuti alichokwisha kupakua au kunakili. Nakala iliyo kwenye akaunti yake ni mali yake.

Mweka hazina akibadilika baada ya uchaguzi, kumpa mpya ngazi ya Editor hakutoshi, kwa kuwa faili bado ni la wa zamani na akifuta akaunti yake linaondoka naye. Bofya ngazi ya mpya, chagua `Transfer ownership`. Atapokea barua pepe na ni lazima akubali. Asipokubali hakuna kilichohama. Akishakubali, wa zamani hubaki Editor mpaka mmiliki mpya amshushe au amtoe. Fanyeni hivyo kwa mafaili yote mawili siku ya makabidhiano. Kisha mweka hazina mpya aifungue tena Taarifa ya Wanachama akiwa kwenye akaunti yake, kwa sababu muunganisho wa `IMPORTRANGE` ulisimama kwa ruhusa ya mwenzake. Akikuta `#REF!` abofye `Allow access` upya.

Mambo yakienda kombo

*Mwanachama anaona "You need access" ingawa umemwongeza.* Mara nyingi simu yake ina akaunti mbili na imefungua kwa ile nyingine. Ukurasa huo huonyesha anwani aliyoingia nayo, mwambie akusomee. Ikiwa si ile iliyo kwenye orodha, aguse sehemu ya kubadili akaunti. Ikiwa ndiyo hiyo, linganisha na uliyoandika herufi kwa herufi.

*Anafungua ndani ya WhatsApp na anaombwa kuingia kila mara.* Linki inafunguka kwenye dirisha lisilomjua. Mwambie afungue app ya Sheets au Drive, aende `Shared with me` au `Shared`, faili litakuwa pale.

*Anatumia anwani ya Yahoo au ya ofisi.* Anaweza kufungua akaunti ya Google kwa anwani hiyo hiyo bila kuanzisha Gmail. Akishamaliza, linki itafunguka.

*Unaona wanyama wasio na majina juu ya faili, "Anonymous" fulani.* Hao ni watu wanaoingia kwa linki bila kutajwa. Kwenye faili lililo `Restricted` hawapaswi kuwepo. Nenda moja kwa moja kwenye `General access`.

*Umemtoa mtu, bado anaona.* Pitia mambo matatu kwa mpangilio huu: `General access` iko wazi, au faili limerudi kwenye folda ambayo yeye anayo, au yumo kwa anwani ya pili. La nne hutokea kwa nadra lakini husumbua sana: faili liliwahi kuchapishwa mtandaoni. Bofya `File`, `Share`, `Publish to web`, fungua sehemu ya `Published content & settings`. Ukiona `Stop publishing`, bofya hapo. Uchapishaji huu hausikilizi `Restricted` hata kidogo, una linki yake mwenyewe, na unaendelea kuonyesha taarifa mpya mpaka uusimamishe hapo hapo.

*Katibu ni Editor lakini hawezi kuandika.* Eneo hilo umelilinda katika hatua ya 5, au ameingia kwa akaunti nyingine iliyo Viewer. Kama vitufe vya menyu vimefifia na juu pameandikwa `View only`, ni akaunti. Kama anaweza kuandika kolamu nyingine, ni kinga.

*Tarakimu zimebadilika na humjui aliyebadilisha.* Kwenye Daftari Kuu bofya `File`, `Version history`, `See version history`. Kila badiliko lina jina na saa pembeni. Ukitaka seli moja tu, bofya kulia juu yake uchague `Show edit history`. Kama mabadiliko yalifanywa faili lilipokuwa wazi kwa kila mwenye linki, jina litaandikwa la mtu asiyejulikana na hutaweza kumtambua. Chagua toleo la kabla ya hapo, bofya `Restore this version`, kisha andika upya marejesho halali yaliyoingizwa baada ya saa hiyo, maana kurudisha toleo la zamani huyaondoa nayo kwenye ukurasa.